Muulize Anatoka Saa Ngapi

Rafiki anayechelewa kila mara huwa mtu wa kupendeka. Asingekuwa hivyo, watu wangeacha kumngoja zamani. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mdeni unaweza kumdai bila haya, na fundi aliyekupotezea siku unaweza kumhama, lakini rafiki aliyekuacha kwenye bichi ya Usenge saa nzima, ukitazama karai za omena zikipandishwa kutoka majini, ukimtolea neno kali unaonekana umepima urafiki kwa dakika. Ukinyamaza, Jumamosi ijayo utakuwa umesimama pale pale, na hasira utakayokuwa nayo itakuwa ya wiki mbili.

Ushauri wangu ni mfupi, ila kuutekeleza kunataka maelezo. Usimwombe rafiki yako afike mapema. Muulize atatoka nyumbani saa ngapi. Kufika kuna mikono mingi ndani yake: mwendesha bodaboda, mvua, jirani aliyekutana naye njiani. Kutoka ni kitendo kimoja kinachofanyika mlangoni kwake, na mwenye mlango ni yeye.

Tutumie safari moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wanawake wawili, marafiki wa miaka mingi, wanataka kuvuka kwenda Mageta kumwona mwenzao aliyejifungua. Mmoja ana duka Usenge penyewe, na kwa kuwa ameolewa kutoka Alego, kila mtu humwita Nyar Alego. Mwingine anakaa upande wa Nyamonye, naye ni Nyar Gem. Mageta ni kisiwa kilicho mbele ya Usenge. Serikali ya kikoloni ilikitumia kuwafungia watu wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950. Leo ni kisiwa cha wavuvi na familia zao, na watu huvuka kwa boti za injini. Asubuhi maji huwa yametulia. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, upepo huanza kuvuma kutoka majini, na kufikia alasiri mawimbi si ya mchezo. Kwa hiyo boti ya asubuhi ina faida ambayo hata mtoto anaielewa. Nyar Gem anaielewa pia. Hata hivyo huchelewa.

Wapo watakaosema huo ni wakati wa Kiafrika, hauna dawa. Wakae bichi siku moja tu. Wavuvi wa omena hushuka majini jioni na taa zao, na asiyekuwapo huachwa. Wanunuzi huwasubiri alfajiri, na mama anayekuja jua likiwa limeshapanda hupata mabaki. Kila mwaka uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, na hakuna mvuvi anayesema alisahau mwezi. Halafu tazama chama. Yule yule anayekungojesha saa nzima hufika mkutano wa chama akiwa amebakiza dakika tano, kwa sababu katibu ana daftari na katika daftari kuna safu ya faini. Kuchelewa hakumo katika damu ya mtu yeyote. Mtu hupima bei, na wewe kwa miaka yote umekuwa bure.

Kuna haki moja ambayo ni lazima tumpe mchelewaji, lakini. Matatu ya kwenda Bondo na Kisumu haiondoki saa fulani, huondoka ikijaa. Boti nayo ni vivyo hivyo. Kadi ya mchango imeandikwa saa nne asubuhi, na kila anayeisoma anajua mwenye kipaza sauti atawasili saa sita. Mtu aliyelelewa katika mazingira haya amejifunza kwamba saa inayotajwa ni ya kuanzia kujiandaa. Hata jua lenyewe halimsaidii: kwa kuwa Kenya nzima hutumia saa ile ile ilhali Usenge iko magharibi kabisa, jua hufika utosini pale zaidi ya dakika 20 baada ya kufika utosini Mombasa. Anayekadiria wakati kwa kivuli cha mwembe atakuwa nyuma hata akijitahidi.

Kabla ya kusema neno lolote, mchunguze rafiki yako huchelewaje. Kazi hii haihitaji daftari. Kumbukumbu yako inatosha. Jiulize kwanza kama huchelewa kwa kiasi kile kile. Anayechelewa dakika 40 leo, 45 wiki ijayo, 35 mwezi ujao, huyo ana hesabu mbovu na hesabu hurekebishika. Anayechelewa dakika kumi leo na saa tatu kesho ana maisha yenye misukosuko ambayo huenda huioni: mgonjwa ndani ya nyumba, mume asiyesema anarudi lini, kazi ya kibarua isiyo na saa ya kumalizika. Huyo hahitaji kuombwa afike mapema. Anahitaji mipango isiyovunjika akichelewa. Jiulize pia kama huwachelewesha wote au wewe peke yako. Kama ni wewe peke yako, basi wewe ndiye uliyemfundisha, kila ulipojibu "hakuna shida" huku shida ikiwapo.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa mjini huisahau upesi, nayo ni nauli. Mtu anaweza kuwa amevaa na amekaa kitandani tangu saa moja, anangoja ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa mdogo wake aliye Kisumu ili apate pesa ya bodaboda. Hatakuambia. Atasema yuko njiani, kisha atasema yuko karibu, na atakapofika atacheka sana ili usiulize. Dalili yake ni kwamba huchelewa kwenye safari za kulipia, lakini mkikutana mahali anapoweza kutembea kwa miguu hufika vizuri. Ukiona hivyo, achana na mambo ya saa. Sema mapema, kama jambo la kawaida, "Bodaboda ya kuja nitalipa mimi hapa dukani, wewe utalipa boti ya kurudi siku nyingine." Huenda tatizo lote likaishia hapo, na heshima yake ikabaki mahali pake.

Tuseme Nyar Gem hana matatizo hayo. Yeye ni wa dakika 40, kila mara. Nyar Alego aseme naye lini?

Wakati mbaya kuliko wote ni ule anaoona ndio wake, yaani mwenzake anapowasili. Nyar Gem ameshuka kwenye pikipiki, jasho linamtoka, ameanza kuomba msamaha kabla hajalipa. Ukimwambia neno hapo, hata likiwa tamu namna gani, atalisikia kama hukumu, na mtu aliyehukumiwa hujitetea. Utasikia habari za gurudumu lililopata pancha na za mtoto aliyeficha kiatu. Zote huenda ni za kweli, na hakuna hata moja itakayokusaidia wiki ijayo. Wakati mwingine mbaya ni kwenye kundi la WhatsApp. Humo hata mzaha mdogo una mashahidi 30, na aliyetaniwa mbele ya watu hulazimika kujibu mbele ya watu.

Sema naye siku mbili tatu kabla ya safari, mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi nyingine. Mnapochambua mboga, au anapopita dukani kununua sukari, au kwa simu ya jioni ambayo ilikuwa na habari zake. Ombi likiwa moja kati ya mambo matano mliyozungumza, linakuwa na uzito wa ombi. Ukimwita na kumwambia "nataka tuzungumze," umeshaitisha baraza.

Maneno yenyewe yawe machache, na yawe juu ya safari hii moja. Hivi ndivyo Nyar Alego anavyoweza kusema:

"Nyar Gem, hii safari ya Jumamosi nina ombi moja tu. Nataka saa mbili na nusu tuwe tumeshakaa ndani ya boti. Upepo ukishaanza mimi hutapika, na sitaki kumfikia mzazi nikiwa nanuka."

Tazama kilichomo. Kuna saa, tena si saa ya kukutana bali ya kuwa mmekaa ndani ya boti. Hiyo haina tafsiri mbili. Kuna gharama, na gharama ni ya msemaji: ni tumbo lake litakalochafuka. Kicheko kipo, lakini anayechekwa ni msemaji mwenyewe. Na kuna vitu vilivyoachwa nje kwa makusudi. Hakuna "kila mara", hakuna "wewe siku zote", hakuna ile harusi ya Bondo mliyokosa maandamano yake. Neno "kila mara" linamwalika mtu atafute siku moja aliyowahi, naye ataipata, na mazungumzo yatahamia huko.

Kuhusu mzaha, niseme jambo. Watu wa ziwa ni wepisi wa utani, na katika utani huo kuna mlango wa kupitisha ukweli bila kumwaga damu. Lakini mzaha utue juu ya hali, usitue juu ya mtu. "Mimi hutapika" ni mzaha juu ya hali. "Wewe ni kobe" ni jina, na jina hushika. Ukishamwita rafiki kobe mbele ya watu watatu umempa cheo, na mwenye cheo hukitumikia: sasa anachelewa kwa sababu ndivyo alivyo, na wote wanacheka.

Akishakubali, na atakubali, maana kukubali ni rahisi, ndipo linapokuja swali lenyewe. "Basi utatoka nyumbani saa ngapi?" Uliza, kisha nyamaza. Usimjibie. Nyar Gem atafikiri kidogo na kusema, "Bodaboda ni dakika ishirini, nikitoka saa mbili na dakika kumi nitakuwa sawa."

Hapo ndipo kosa lilipo, wazi kabisa. Amehesabu pikipiki ikiwa barabarani na hakuhesabu kitu kingine chochote. Si yeye peke yake. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Waliwauliza watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Kwa wastani walitumia siku 55. Kilichonivutia katika utafiti wao ni kwamba watu hawakuwa wamesahau yaliyowapata zamani. Walikuwa na kumbukumbu ya kazi zilizochelewa, lakini walipokadiria kazi mpya hawakuitumia. Waliiona kazi mpya kama safari iliyo wazi mbele yao, haina matope.

Dawa ni kumrudisha kwenye safari iliyopita, kwa upole, kama watu wawili wanaopanga pamoja. "Ile siku ya sokoni ulipanda pikipiki mara tu ulipotoka?" Hapo Nyar Gem ataanza kuhesabu mwenyewe, na hesabu yake itakuwa hivi. Kumpigia mwendesha bodaboda na kumngoja afike: dakika 10. Kupita kwa mama mkwe, ambaye nyumba yake iko kwenye njia ya kutokea, na haiwezekani kupita bila kusimama na kuulizana habari: dakika 10. Kusimama kwa wakala kutoa pesa: 10. Pikipiki yenyewe: 20. Kushuka, kununua mkate na maziwa ya kumpelekea mzazi, na kuteremka hadi botini: 10. Jumla ni dakika 60. Ili awe amekaa ndani ya boti saa mbili na nusu, anapaswa kuvuka kizingiti saa moja na nusu, wala si saa mbili na dakika kumi. Tofauti ni dakika 40. Ni zile zile anazochelewa kila mara.

Ukifika hapo usipige makofi ya ushindi. Saidia tu kuipunguza orodha. Pesa anaweza kuzitoa Ijumaa jioni. Mkate Nyar Alego anao dukani, na maziwa pia. Kumekuwa na nafasi ya dakika kumi na tano, na nafasi hiyo aachiwe. Isigeuzwe kuwa sababu ya kutoka saa moja na dakika arobaini na tano. Lakini salamu za mama mkwe zisiguswe. Nimewahi kusikia watu wakishauri "mpite kwa nyuma." Huo ni ushauri wa mtu ambaye hajaoa wala kuolewa kwenye boma lenye watu. Salamu ni sehemu ya safari. Ihesabiwe kama nauli inavyohesabiwa, na kama mama mkwe ana mazungumzo marefu, iandikwe dakika kumi na tano.

Sasa suala la kumkumbusha. Wengi huona kwamba kukumbusha ndiko kusumbua, wengine huona kwamba bila kumpigia mtu simu sita hatatoka. Mpaka uko mahali rahisi: kumbusho aliloliomba yeye ni msaada, kumbusho la pili ni kelele. Muulize, "Nikupigie saa moja, ama hutaki?" Akisema mpigie, piga mara moja, saa moja kamili, sema mambo mawili na ukate. Usimwulize kama ameshaoga. Akisema hataki, usipige. Mtu mzima anayeulizwa na rafiki yake kama ameoga hurudi utotoni, na watoto tunajua wanavyofanya wakiharakishwa.

Kama unataka kujua amefika wapi, usiulize "uko wapi?" Hilo ndilo swali lililozaa uongo mwingi kuliko maswali yote ya simu za mkononi. Jibu lake ni "niko njiani," na "niko njiani" inaweza kutamkwa na mtu aliyejifunga taulo. Mwambie badala yake, mkiwa mnapanga, "Ukipanda pikipiki nitumie ujumbe nianze kukuwekea kiti." Ujumbe huo una kazi ya kufanya, kwa hiyo mtu huutuma. Na ujumbe usipokuja, unajua ulivyo msimamo wa mambo bila kugombana na mtu.

Hapa niingize jambo dogo la kuandika saa, kwa wanaopanga na jamaa walio Nairobi au nje. Ukiandika "tukutane 8" kuna atakayekuja saa mbili asubuhi na kuna atakayekuja saa nane mchana, na wote wawili watakuwa na haki. Andika "saa 2 asubuhi".

Baada ya swali la kutoka, lililobaki ni sehemu ambayo watu laini huiruka na kuharibu yote. Nyar Alego aseme mapema, kwa sauti ile ile ya mkate na maziwa, atafanya nini mwenzake asipofika. "Boti ikijaa mimi nitapanda. Ukikwama, panda inayofuata, nitakuwa nimeshaanza kumshika mtoto." Hayo si vitisho. Ni ratiba. Halafu Jumamosi, boti ikijaa saa mbili na nusu na Nyar Gem hayupo, apande. Avae jaketi okozi, akae, na asiandike ujumbe mrefu wenye nukta nyingi. Aandike "Tumeondoka, tutaonana huko," na azungumze na abiria wengine. Nyar Gem akifika Mageta baadaye kwa boti ya pili, apokewe vizuri, apewe mtoto, apewe chai. Boti imeshasema kila kitu kilichohitaji kusemwa, nayo haina hasira na mtu.

Ukisema utaondoka kisha ukangoja, umemfundisha kwamba maneno yako ni kama saa ya kwenye kadi ya mchango. Ukiondoka kwa kishindo, na kununa siku nzima, umebadilisha mada: sasa watu wanajadili kununa kwako. Hekima ni kuondoka bila kukunja uso. Lakini kanuni hii ina mipaka yake. Haifai kwa boti ya mwisho ya jioni, haifai giza likiwa limeingia, haifai kama mwenzako hana namna nyingine ya kufika au ana mtoto mgonjwa mgongoni. Hapo mtu husubiriwa, na hesabu za saa huahirishwa.

Wengi wanapochoka hukimbilia ujanja: kumtajia saa ya uongo. Boti ni saa mbili na nusu, unamwambia saa moja na nusu. Utafanya kazi mara ya kwanza. Mara ya pili atafika, aone bichi haina dalili ya safari, ahesabu mwenyewe, na tangu siku hiyo kila saa utakayomtajia ataiongezea moja. Tena umempa sababu halali ya kutokuamini. Ndivyo zile kadi za mchango zilivyofika zilipo: wenye shughuli walianza kuandika saa nne wakimaanisha sita, wageni wakaanza kuja saa saba.

Na siku atakayofika kwa wakati? Itafika, na hapo marafiki wengi huiharibu kwa sentensi moja: "Aki leo mvua itanyesha!" Wenye kusema hivyo hudhani wanapongeza. Aliyejitahidi tangu alfajiri, akamkatizia mama mkwe maneno kwa heshima, akatoka bila chai, anasikia kwamba hata akija mapema yeye bado ni yule mchelewaji, ila leo amekosea. Usitaje saa kabisa. Mpe faida ya kufika: kiti cha upande usiorukiwa na maji, mkate ungali wa moto, dakika kumi za kuzungumza wawili kabla boti haijajaa watu. Kama ni lazima umsifu, msifu kwa njia ya huku kwetu. Kwenye ohangla na nyatiti watu hulipa ili muziki usimame wajitape na kuwasifu rafiki zao, ndiyo pakruok hiyo. Siku nyingine kabisa, mbele ya watu, unaweza kusema kwa mzaha, "Huyu ndiye nyar Gem aliyeshika boti ikiwa bado imelala." Sifa ya namna hiyo mtu hutamani kuirudia. Ni cheo kama kile cha kobe, ila hiki kinavuta upande unaofaa.

Kwa mkubwa wako mambo ni tofauti. Huwezi kumwuliza jaduong' atatoka nyumbani saa ngapi. Litakuwa swali la polisi. Kwake unaomba msaada: "Baba, naomba tusaidiane, nikija kukuchukua saa moja na nusu nitakukuta umemaliza chai?" Kisha unaenda kweli, saa moja na kidogo, na unakunywa chai naye, kwa sababu chai itakuwapo. Muda wa kunywa chai nao ulikuwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Vipi akiendelea kuchelewa? Umeomba mara moja vizuri, mmehesabu pamoja, umepanda boti mara mbili bila yeye na bila ugomvi. Anacheka, anaomba radhi, na mwezi ujao ni vile vile. Usiombe tena. Ombi la pili halina tofauti na kelele hata likisemwa kwa wimbo. Badilisha miadi badala ya kumbadilisha mtu. Mwalike nyumbani kwako au dukani, mahali ambapo utakuwa na kazi yako awe amefika au hajafika, na saa isitajwe, sema "mchana." Kama kuna shughuli yenye watu, mpe sehemu isiyofunga mlango: asipewe ufunguo wa ukumbi, apewe kuimba. Safari za boti nenda na mtu mwingine, na umwambie mapema kwamba unaenda, asije akasikia kwa watu. Nyar Gem atapita dukani Jumatatu kusikia habari za mtoto, saa yoyote atakayofika.